Jicho la kulia linapinda mistari, naambiwa nisubiri miezi mitatu. Naomba ushauri wenu

Baba Watatu (mleta mada)
Wakuu salaam. Nina miaka 43. Wiki mbili zilizopita vumbi liliniingia jicho la kushoto, nikalifumba nilisugue. Nikabaki natazama kwa la kulia peke yake, ndipo nikashtuka. Katikati pana duara la kijivu, kama lile doa linalobaki ukitazama taa kisha ukageuka. Nguzo ya umeme iliyokuwa mbele yangu imepinda kiunoni. Maandishi ya bango yanaonekana madogo kuliko ninavyoyaona kwa kushoto. Pembeni naona vizuri. Jicho haliumi, si jekundu, halitoi machozi.

Nilianza duka la miwani, wakanipa miwani ya plasi moja, na kweli nikaona afadhali. Sikuridhika, nikaenda hospitali. Walitia dawa ya kutanua mboni, wakapiga picha ya nyuma ya jicho. Daktari alinionyesha kwenye skrini: utando wa nyuma umeinuka kama chapati inayovimba kikaangoni, na chini yake kuna maji. Akasema maji yamekusanyika chini ya makula, ile sehemu ya katikati ya utando inayoona vizuri zaidi, huwapata sana wanaume wa umri wangu wenye msongo, na mara nyingi hukauka yenyewe, nisubiri miezi mitatu. Nirudi kupimwa baada ya wiki sita. Hakuniandikia hata dawa ya matone.

Msongo ninao, nina mkopo wa chombo cha kazi unaoninyima usingizi. Lakini kumwambia mtu asiyeona vizuri asubiri tu, hiyo ni tiba kweli? Kuna sehemu nyingine wamekubali kunichoma sindano ndani ya jicho. Nisubiri au nikachome?

Mama Makambako
Pole sana baba. Mama yangu alianza hivyohivyo, ukungu katikati. Tukazunguka miaka miwili, kumbe ni mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji asubuhi, jioni yake akawa anahesabu kuku uani. Usiogope kisu.

Kijana wa Uyole
Hiyo ni sukari. Sukari na presha ndizo zinazovujisha maji nyuma ya jicho, kapime kwanza. Mjomba wangu alidharau, sasa anashikwa mkono.

Baba Watatu (mleta mada)
Sukari nimepimwa, iko sawa. Presha imepanda kidogo. Na daktari alisema lenzi yangu ni safi, si mtoto wa jicho.

Mwalimu wa Hesabu
Ndugu, hilo doa nalijua. Lilinipata 2017, nikiwa na miaka 39, msimu wa kusahihisha mitihani huku nyumbani kuna kesi ya kiwanja. Nami niliambiwa nisubiri, na nilikasirika kama wewe.

Nilichofanya: nilichukua daftari la hesabu lenye miraba, nikaweka nukta katikati ya ukurasa. Kila Jumapili nililishika umbali wa kusomea, nikafumba jicho zima, nikakazia macho nukta kwa lile bovu, kisha nikachora kwa penseli mpaka wa eneo ambalo mistari imepinda. Wiki ya kwanza duara lilikuwa kubwa kama kifuniko cha soda. Wiki ya sita, kama kifungo cha shati. Wiki ya kumi nilisoma mstari wa chini kabisa wa chati hospitalini.

Lakini nisikudanganye kwamba lilirudi kama awali. Hadi leo nyekundu ya jicho lile ni kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, na kwenye mwanga hafifu napata taabu kidogo. Na baada ya miaka miwili maji yalirudi, jicho lilelile. Yakakauka tena.

Tabibu wa Macho
Mleta mada, kabla ya swali la sindano nijibu langu. Miezi sita iliyopita umetumia dawa gani? Zote. Vidonge, sindano ya goti au mgongo, dawa ya pumu ya kuvuta, ya kupuliza puani, krimu ya ngozi, unga wa mitishamba uliopewa na mtu. Usichague ya kunitajia.

Baba Watatu (mleta mada)
Situmii dawa yoyote ya maana. Panado mara mojamoja.

Tabibu wa Macho
"Ya maana" ndiyo inayonitia shaka. Umenenepa usoni hivi karibuni? Presha ilianza lini kupanda?

Baba Watatu (mleta mada)
Mbona unauliza uso? Ni kweli watu wanasema nimenawiri, mashavu yamejaa. Presha ni ya mwaka huu.

Haya, niseme. Mimi ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma, na lori lenyewe ndilo la mkopo. Mgongo uliniua mwaka jana. Kijana wa duka la dawa akanipa deksa, vidonge vidogo vya nusu miligramu, viwili asubuhi viwili jioni. Ni mwezi wa tano sasa. Mgongo umekaa kimya, hamu ya kula imerudi. Daktari wa macho hakuuliza mgongo, nami sikuona sababu ya kuutaja. Hiyo ni dawa ya mgongo, haihusiani na jicho.

Tabibu wa Macho
Inahusiana sana. Nyuma ya retina, ule utando ulioonyeshwa kwenye skrini, kuna mishipa ya damu mingi kama sponji iliyoloa. Kati yake na retina kuna safu moja ya seli inayozuia maji yasipite na kusukuma nje yanayopenyeza. Katika ugonjwa huu mishipa imevimba inavuja, na ile safu inashindwa sehemu moja, maji yanaingia hapo. Dawa za jamii ya deksa na prednisoloni ndicho chanzo tunachokijua kuliko vyote. Msongo nao unatajwa kwa sababu mwili ukibanwa hutengeneza kortisoli, ambayo ni ndugu wa dawa hizo. Wewe una mkopo, hulali, na juu yake unameza miligramu mbili za deksa kila siku.

Miwani usinunue. Maji yamesukuma retina mbele ya mahali pake, ndiyo maana plasi moja imekusaidia. Yakikauka, miwani hiyo haitakufaa.

Na USIACHE deksa ghafla leo. Baada ya miezi mitano tezi zako zimezoea kutotengeneza kortisoli yake. Ukikata kwa siku moja unaweza kutapika, kuishiwa nguvu na kuanguka. Nenda kwa daktari akupunguzie kwa hatua, na auangalie mgongo wenyewe.

Fundi Redio
Kwa hiyo mashavu ya kunawiri kumbe ni ya duka la dawa. Mkuu, shemeji atadai uyarudishe!

Mzee wa Busara
Vijana mnakopa malori kabla hamjalipa karo. Enzi zetu mtu akiumwa mgongo alilala ubao akakandwa kwa maji moto. Punguza tamaa, lala mapema, jicho litapona.

Baba Watatu (mleta mada)
Mzee, shikamoo. Ubao haulipi marejesho. Tabibu, nimekuelewa, lakini sindano ya jicho nimeshaitangulizia nusu ya pesa. Na Jumamosi nina mzigo wa mbolea. Jicho la kushoto ni zima kabisa, naendesha kwa hilo.

Tabibu wa Macho
Uliza jina la dawa iliyomo kwenye hiyo sindano. Ikiwa ni triamsinoloni, ni ndugu wa deksa tena, kataa. Ikiwa ni ile ya kuzuia mishipa mipya, inasaidia pale mishipa mipya imeota chini ya retina. Kama picha yako inaonyesha maji tu, haijathibitika kwamba inashinda kusubiri. Wengi hukauka ndani ya miezi mitatu hadi minne. Maji yakizidi hapo, ndipo tunazungumza tiba ya rangi ya vateporfini inayodungwa mkononi kisha jicho linamulikwa, kwa nusu ya kipimo. Hiyo inasaidia, ila kuipata ni shida. Kuna kidonge cha eplerenoni kilichoandikwa sana miaka ya nyuma, kikapimwa vizuri dhidi ya kidonge kitupu, matokeo yalitoka 2020: hakikufanya zaidi.

Na kuendesha, hapana. Macho mawili yanayoona ukubwa tofauti yanakudanganya umbali.

Ukweli Mtupu
Samahani wakuu, mimi nashuku. Mleta mada alianza "chombo cha kazi", akabanwa ikawa lori. Dawa hakuna, akabanwa ikawa deksa. Halafu dereva wa lori anaeleza retina kama mhadhiri, na tabibu anajitokeza wakati muafaka na majibu yote. Huu uzi umetungwa. Siku mbili zijazo tutawekewa namba ya kliniki.

Kijana wa Uyole
Hata mimi nilijiuliza. Mtu gani anasahau anakunywa dawa miezi mitano?

Mama Makambako
Mtu anayeona aibu, mwanangu. Ninauza chakula stendi, nawajua madereva. Mfukoni mwa shati kila mmoja ana kikaratasi cha vidonge, na ukimuuliza anakwambia hanywi dawa.

Baba Watatu (mleta mada)
Sikutunga. Lori nililificha kwa sababu mkopo una masharti ya leseni, na humu wapo watu wa kampuni za mizigo. Karatasi ya picha ninayo, juu imeandikwa `RE: CSCR`, yaani jicho la kulia na jina la ugonjwa wenyewe, chini `SRF 312 µm`, yaani kimo cha maji yaliyo chini ya retina. Chapati ni maneno ya daktari, nami nimeyachukua.

Ukweli Mtupu, nikueleze kilichonitisha. Juzi niliporudi, kwenye mteremko wa Kitonga, nilifumba la kushoto makusudi ili nijipime. Lori la mbele likawa dogo, kama liko mbali. Nilipofumbua lilikuwa karibu mno. Nilikanyaga breki na utingo wangu akapiga kelele. Hilo sikutaka kuliandika humu.

Ukweli Mtupu
Karatasi yoyote anaweza kuandika mtu. Lakini kama Kitonga ni kweli, basi mpe mtu mwingine funguo.

Mwalimu wa Hesabu
Nami kwa miezi ile niliacha pikipiki. Swali ambalo hata mimi sikupata jibu: sikunywa deksa wala krimu yoyote, na walimu wenzangu walikuwa na msongo kunizidi. Kwa nini mimi, na kwa nini jicho moja?

Tabibu wa Macho
Mwalimu, sina jibu kamili. Wengine tunakuta wameumbwa na mishipa minene ya nyuma ya jicho, hata kwenye jicho ambalo halijaugua. Msongo peke yake ni mgumu kuuthibitisha. Kinachojulikana ni kwamba kurudi si jambo geni, kwa hiyo hilo daftari lisitupwe.

Baba Watatu (mleta mada)
Wakuu, ni wiki sita. Mbolea ilipelekwa na mdogo wangu, na yeye ndiye anayeendesha mpaka leo. Pesa niliyotanguliza sijarudishiwa, naendelea kudai. Deksa daktari ananipunguzia, nimebaki na kidonge kimoja asubuhi, na mgongo umeanza kunikumbusha. Ameniandikia mazoezi, yanauma.

Picha ya jana imeandikwa `SRF 128 µm`. Nguzo bado imepinda ila kidogo, kwenye daftari duara limefikia kucha ya kidole gumba. Namba za dashibodi bado ndogo kwa kulia. Nimeambiwa nirudi baada ya wiki sita nyingine. Mwalimu, wewe zile rangi zilianza kurudi wiki ya ngapi?