Tupeane uzoefu: bastola ya TV game ilijuaje umelenga bata kwenye TV ya kichogo?

Fundi Kichogo
Wakuu, uzi huu ni wa wanaozijua bastola za TV game, zile zilizocheza Duck Hunt. Tuweke hapa zilivyotambua shabaha, zinapokwama na namna ya kugundua tatizo.

Naanza na jambo ambalo wengi wamelishika kinyume: bastola hairushi kitu chochote. Mdomoni ina lenzi, na nyuma ya lenzi kuna kijicho cha kupokea mwanga. Inayotoa mwanga ni TV, bastola inatazama tu.

Ukivuta triga, mchezo unafuta picha yote na skrini inakuwa nyeusi kwa fremu moja. Kwenye PAL fremu moja ni milisekunde 20. Baada ya hapo, mahali alipo bata wa kwanza panachorwa kisanduku cheupe huku kwingine kote kukibaki cheusi. Kama bata ni wawili, kisanduku cha wa pili kinapata fremu yake peke yake. Kila fremu mchezo unaiuliza bastola swali lilelile: unaona mwanga? Ikijibu ndiyo wakati wa kisanduku cha kwanza, bata wa kwanza kaanguka. Ikijibu ndiyo wakati wa cha pili, ni wa pili. Basi. Mchezo haujui kabisa ulilenga wapi, na ukikosa haujui umekosea upande gani.

Bi Mwanaisha
Kwa maana hiyo ukilenga balbu ya sebuleni unaua bata wote. Kijicho si kinaona mwanga?

Fundi Kichogo
Dada, kwa bunduki za mwanzo kabisa uko sahihi. Ile ya Magnavox Odyssey ya 1972 ilidanganyika kwa taa. Kwa Zapper ya Nintendo kuna vizuizi viwili. Cha kwanza ni ile fremu nyeusi: mwanga ukionekana wakati skrini inatakiwa kuwa giza, risasi inahesabiwa imekosa.

Cha pili kimo ndani ya bastola. TV ya kichogo haiwashi picha yote kwa pamoja. Kuna nukta moja inayokimbia kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, mistari 15,625 kwa sekunde. Kijicho kinachotazama kisanduku cheupe kinaona nukta ikipita, ikipotea, ikirudi kwenye mstari wa chini yake baada ya mikrosekunde 64. Saketi ya Zapper imetegwa kusikiliza mapigo ya kasi hiyo. Balbu ya umeme wa 50 Hz inapepesa mara 100 kwa sekunde tu, kwa hiyo saketi inaipuuza.

Ila kuna bastola za bei nafuu zisizo na chujio hilo. Hizo zinategemea fremu nyeusi peke yake.

kijana_wa_flati
Yangu nimeichomeka kwenye flati ya inchi 32. Nikivuta triga skrini inamweka vizuri, lakini bata hafi hata nikigusisha mdomo wa bastola kwenye kioo. Nibadilishe lenzi?

Saketi Tupu
Mkuu, iache lenzi. Kule kumweka ndiyo kipimo chako cha kwanza. Skrini ikimweka, swichi ya triga na waya wake ni vizima. Isipomweka kabisa, hapo ndipo unafungua kuangalia swichi na mahali waya unapoingilia kwenye mpini, maana hukatikia hapo mara nyingi.

Shida yako ni flati yenyewe. Inaipokea picha, inaichakata, kisha ndiyo inaionyesha. Ikichelewa fremu mbili tu, mchezo umeshauliza swali lake na kuondoka kabla kisanduku hakijatokea. Na hata kingetokea kwa wakati, flati haina nukta inayokimbia, kwa hiyo bastola yenye chujio haioni mapigo inayoyatafuta. TV za kichogo za 100 Hz nazo zina ugonjwa huo, kwa sababu zinaihifadhi picha kwanza kisha kuichora upya kwa kasi maradufu.

Juma wa Antena
Mimi najua dawa ni kuongeza mwangaza wa TV hadi mwisho. Bata wanakufa wenyewe.

Saketi Tupu
Nusu ya hilo ni kweli, mzee. Kisanduku kikiwa hafifu, bastola haikioni. Lakini kitufe cha mwangaza kinapandisha na weusi pia, unakuwa kijivu. Ukizidisha, bastola inaona mwanga hata kwenye fremu ya giza na mchezo unakataa kila risasi. Panda na kontrasti, kisha shusha mwangaza hadi weusi uwe mweusi kweli. Lenzi ifute kwa pamba kavu.

Juma wa Antena
Sijashawishika. Kuna TV zilizochoka ambazo kontrasti pekee haitoshi.

msomaji_kodi
Kwa wanaoandika programu: ishara ya mwanga haidumu. Kwa kisanduku cheupe inakaa takriban mistari 25 tu tangu nukta ipite, yaani kama milisekunde 1.6. Ukiisoma mara moja mwanzoni mwa fremu, utapata hapana siku zote. Lazima usome kwa kurudiarudia hadi fremu iishe:

```
kagua:  lda $4017
        and #$08
        beq mwanga
        lda fremu_imeisha
        beq kagua
```

Angalieni kwamba sifuri ndiyo maana yake mwanga umeonekana. `fremu_imeisha` inawekwa na NMI.

Bi Mwanaisha
Mbona kwenye Time Crisis risasi ikikosa inaacha alama ukutani, palepale ulipolenga? Huo mchezo unajuaje?

Fundi Kichogo
Hapo ni mbinu nyingine, dada. GunCon ya Namco ina waya unaochomekwa kwenye njia ya video, ile ya njano. Kupitia waya huo inajua fremu imeanza lini na kila mstari umeanza lini. Skrini inamweka nyeupe yote, na bastola inapima muda hadi nukta ipite mbele yake.

Tuhesabu kwa PAL. Tuseme nukta imeonekana mikrosekunde 8,032 baada ya fremu kuanza. Gawa kwa 64, unapata mistari 125 na nusu. Mistari 23 hivi ya mwanzo haionekani, kwa hiyo uko mstari wa 102 kati ya 288, kama asilimia 35 kutoka juu. Nusu iliyobaki ni mikrosekunde 32 ndani ya mstari. Toa 10.5 za mwanzo zisizo na picha, zinabaki 21.5 kati ya 52, yaani asilimia 41 kutoka kushoto. Kwenye TV ya inchi 20, yenye kioo cha upana wa sentimita 40, hiyo ni kama sentimita 16 na nusu.

Sasa ona uzito wa kosa dogo. Kijicho kikichelewa mikrosekunde moja tu, alama inahama karibu milimita 8, na inahamia kulia kila mara. Ndiyo maana mchezo unakutaka upige katikati ya skrini kwanza, ili utoe tofauti hiyo. Risasi zikienda kulia zote kwa kiasi kilekile, rudia hatua hiyo kabla hujafungua kitu. Zikiruka juu na chini ovyo, kagua kwanza ule waya wa njano.

kijana_wa_flati
Je, bastola isiyo na chujio itafanya kazi kwenye flati?

msomaji_kodi
Itaona mwanga, ndiyo, lakini kuchelewa kwa picha kuko palepale. Lazima mchezo wenyewe ubadilishwe uchelewe kuuliza, na kila flati ina kiasi chake cha kuchelewa. Yako unaweza kuipima kwa simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde: rekodi kidole kwenye triga na skrini kwa pamoja, hesabu fremu hadi imweke, kila moja ni milisekunde 4 na kidogo. Fanya hivyohivyo kwenye kichogo, toa, tofauti ndiyo ucheleweshaji wa flati yako. Weka namba hapa tuone.