Mrejesho: intigrali ya xⁿeˣ

Swali langu lilikuwa: "Nawezaje kupata ∫x³eˣ dx kutoka 0 hadi 1 bila kuanza upya kila kipeo kinapopungua?"

Nawashukuru wote mlionijibu. Nilifuata ushauri wa kuintigreti kwa sehemu mara moja tu, huku n ikibaki herufi na Iₙ ikiwa ∫xⁿeˣ dx, nikapata:

Iₙ = xⁿeˣ − n·Iₙ₋₁

Jaribio la kwanza lilinishinda, kwa kuwa niliandika I₃ = x³eˣ − 3x²eˣ − 2I₁ bila mabano, na 3 haikuzidisha sehemu ya mwisho. Jibu likawa hasi, ilhali mchoro wa x³eˣ hauteremki chini ya mhimili kati ya 0 na 1. Hapo ndipo nilipong'amua kosa.

Aliyeshauri nianzie chini, nikiweka mipaka katika kila hatua, ndiye aliyeniokoa: I₀ = e − 1, I₁ = e − (e − 1) = 1, I₂ = e − 2, na I₃ = e − 3(e − 2) = 6 − 2e, yaani takriban 0.563.

Bila mipaka, jibu ni eˣ(x³ − 3x² + 6x − 6) + C, nami nimelidifrenshieti likanirudishia x³eˣ. Kwa n = ½ nimekwama, maana kipeo hurukia −½ bila kupita 0.