Tupeane uzoefu: kugeuza rekodi ya mhadhara kuwa noti za kusomea mtihani

Kiti cha Nyuma
Wakuu, leo napunguza mafaili kwenye simu nikakutana na rekodi za mihadhara ya takwimu, kila moja saa nzima na ushee. Nimecheka peke yangu. Nyie mliowahi kukaa na hayo masauti mkatoka na noti za maana, zenye fasili na mifano iliyokokotolewa hadi mwisho, mlifanyaje? Leteni visa, hata vya aibu.

Panya Maktaba
Mimi naandika neno kwa neno, mwanzo mwisho. Hakuna kinachopotea.

Binti Hesabu
Panya, saa moja ya sauti inakula saa nne za mkono wako, na ukimaliza una kurasa zimejaa "eeh, tunaelewana?" Hapo noti hazijaanza bado.

Umenikumbusha mhadhara mmoja wa uwezekano, Kiti. Niliukosa, nikapewa rekodi tupu bila picha ya ubao. Mhadhiri anasema, "Chukua hii, gawanya na hii yote ya chini." Hii ipi? Halafu kimya, chaki inagonga. Nilikaribia kulia. Baadaye nikajifunza kwamba kile kimya ndicho cha kutafuta, kwa sababu mwalimu akinyamaza anaandika, na anachokiandika ndicho mfano wenyewe. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza sikuandika noti kabisa. Nilipitisha sauti kwa kasi ya 1.5, nikawa naandika dakika tu: hapa fasili, hapa mfano umeanza, hapa jibu.

Mzunguko wa pili nikarudi kwenye mfano. Nikatoa swali peke yake kwanza: ugonjwa uko kwa asilimia 1 ya watu, kipimo kinamgundua mgonjwa kwa asilimia... tisini au sitini? Chaki ililia juu ya neno. Asiyeumwa, kinamsingizia kwa asilimia 5. Sasa mtu kapimwa, kaonekana anao. Uwezekano kwamba anao kweli ni kiasi gani?

Nikazima sauti, nikakokotoa mwenyewe. Chukua watu 10,000. Wagonjwa 100, wasioumwa 9,900. Waliosingiziwa ni asilimia 5 ya 9,900, yaani 495. Ikiwa ni tisini, wagonjwa waliogunduliwa ni 90:

```
90 / (90 + 495) = 90 / 585 ≈ 0.154
```

Ikiwa ni sitini, inakuwa 60 / 555, karibu 0.108. Nikarudi kusikiliza mwisho, mhadhiri anasema "kama asilimia kumi na tano hivi." Basi ni tisini, ubishi umekwisha. Na ile "hii yote ya chini" ni 585, wote walioonekana wanao, wa kweli na wa kusingiziwa. Kwenye noti niliandika kila mstari na sababu yake pembeni, maana rekodi inakupa namba lakini sababu huwa anaisema mara moja, tena haraka haraka.

Kiroboto
Ngoja kwanza. Kipimo cha tisini kwa mia kinatoa jibu la kumi na tano? Mhadhiri kakosea huyo.

Binti Hesabu
Hajakosea. Wasioumwa ni wengi mno, kwa hiyo hata asilimia ndogo yao inawazidi wagonjwa wote. Angalia 495 dhidi ya 90.

Kiroboto
Bado naona kama mazingaombwe.

Mpiga Kona
Ongezeni kasi hadi mara mbili, mambo yanaisha.

Panya Maktaba
Mara mbili kwenye mfano wa namba? Sitini na tisini zote zitasikika "tini".

Chogo
Mnanikumbusha mbali. Mwenzetu mmoja aliacha simu inarekodi juu ya dawati la katikati, akaenda kukaa mbele. Akatuma faili kwenye kundi la darasa bila kulisikiliza. Kumbe nusu yake ni watu wawili wa dawati lile wanagombana kwa kunong'ona. Jamaa anaachwa, mhadhiri nyuma yao anafundisha mgawanyo wa kawaida! Mpaka jioni darasa zima linajua nani kamwambia nani nini.

Kiroboto
Ikawaje?? Waliachana kweli?

Mpiga Kona
Lete faili mkuu.

Chogo
Silileti. Dada alihama safu mpaka muhula unaisha. Tangu siku hiyo yule mhadhiri hakutaka kuona simu juu ya dawati, ruhusa ikafa kwa wote.

Mama Wawili
Ndiyo maana mnaambiwa muombe ruhusa ya kurekodi, na kusambaza ni ruhusa nyingine. Na simu iwekwe mbele. Nikiuliza, simu gani inanasa sauti vizuri? Mwanangu anapenda kuimba.

Kiti cha Nyuma
Mama, hapa ni masomo 😂 Jamani turudi. Fasili je? Mimi kwenye rekodi nakuta kitu kimoja kimeelezwa mara tatu, kila mara tofauti.

Panya Maktaba
Chukua ya kwanza. Mfano kwangu: "matukio huru ni yale yasiyohusiana, hili na lile haviko pamoja." Nimeandika hivyo hivyo alivyosema.

Binti Hesabu
Hiyo ndiyo hatari ya kuishia kwenye ya kwanza. Mara nyingi ya kwanza ni ya kukufungulia mlango, ya kubana inakuja baadaye, anapoanza na "sasa kwa usahihi" au mtu akiuliza swali. Matukio yasiyoweza kutokea pamoja ni kitu kingine kabisa na matukio huru.

Panya Maktaba
Si ndiyo hayo hayo? Kama haviko pamoja, vinahusianaje?

Binti Hesabu
Rusha dadu. Shufwa na witiri haviwezi kutokea pamoja. Nikikwambia imetoka shufwa, tayari unajua witiri haipo. Kimoja kinakupa habari yote ya kingine, uhuru uko wapi? Sasa chukua shufwa, na "namba isiyozidi 4". Nusu mara theluthi mbili ni theluthi moja. Zote mbili kwa pamoja ni 2 na 4, nazo ni theluthi moja ya dadu. Hizo ndizo huru: `P(A ∩ B) = P(A) × P(B)`.

Kwa hiyo chini ya kila fasili naweka mfano mmoja unaoingia na mmoja unaofanana nayo lakini haumo. Mhadhiri asipotoa wa pili natafuta kitabuni, na naandika kwamba huo si wake.

Panya Maktaba
Shufwa na witiri nimekubali. Neno kwa neno siachi.

Mpiga Kona
Bora uandike kwa mkono, kichwa kinashika.

Chogo
Kwa mkono utatafutaje neno usiku wa mtihani? Chapa.

Wakili Mtarajiwa
Nyie mna namba. Sisi wa sheria mhadhiri anasimulia kesi nusu saa bila kuandika kitu ubaoni. Mfano uliokokotolewa kwangu ni upi?

Binti Hesabu
Sheria sijui sana. Ningejaribu vilevile: toa ukweli wa kesi peke yake, simamisha sauti kabla hajasema mahakama iliamuaje, andika uamuzi wako na sababu, ndipo uendelee.

Wakili Mtarajiwa
Tatizo lake anaanza na uamuzi.

Chogo
Anzia mwisho basi, kama tamthilia.

Kiroboto
Chogo, yule dada alihamia safu ya ngapi?