Bakara: benki yenye komisheni au ile isiyo nayo?

Mtoto wa Katuba: Wandugu wa Lubumbashi, nacheza bakara kwa simu, ule mchezo wa karata wa pande mbili, mchezaji na benki: anayekaribia 9 anashinda, na jumla ikipita 9 unatoa 10. Jana niliweka dola 10 kwa benki. Mchezaji alikuwa na 5, akachota 6, akabaki na 1. Benki ilikuwa na 6, inaongoza tayari! Badala ya kusimama ikachota 4, ikawa 0, pesa ikaenda. Si wizi huu? Tena nikishinda wananikata asilimia 5. Kuna meza nyingine haikati, ila benki ikishinda na 6 inalipa nusu. Niende wapi?

Ruashi Moja: Benki ni ya kazino, ndiyo maana unalipia. Weka kwa mchezaji.

Papa Kampemba: Hapana ndugu, benki ni jina la upande tu. Nguvu yake ni kucheza wa pili. Mchezaji huongeza karata akiwa na 0 mpaka 5, bila kuangalia kitu. Benki hutazama kwanza karata ya tatu ya mchezaji, na kanuni inasoma karata ile peke yake, si jumla. Hapo ndipo Katuba alipoona wizi.

Benki ya 6 huongeza kama mchezaji amechota 6 au 7 tu. Aliyechota 6 alikuwa na 0 mpaka 5, kwa hiyo anaishia 6, 7, 8, 9, 0 au 1. Tatu kati ya hizo zinaipiga benki, mbili tu inazipiga yenyewe. Angechota 1, asingevuka 6, na benki ingesimama. Kwako iliangukia pabaya, lakini ni kanuni.

Sasa komisheni. Ukiacha sare, katika raundi 10,000 benki hushinda kama 5,068, hupoteza 4,932. Kwa dola 10 kila raundi, bila komisheni ungeikula kazino dola 1,360. Wakikata senti 50 kila ushindi, ni dola 2,534. Unabaki umepoteza 1,174.

Mama Bijou: Mimi naweka sare, inalipa mara 8! Jirani yangu alipata hivyo.

Papa Kampemba: Mama, sare hula zaidi ya dola 14 katika kila 100 unazoweka. Benki yenye komisheni hula 1.06, mchezaji 1.24. Ile benki ya nusu kwa 6 hula 1.46, kwa hiyo Katuba, kwenye meza hiyo afadhali mchezaji. Zote zinakula lakini.

Ruashi Moja: Bado siamini, papa. Komisheni naiona kila nikishinda, ile 6 inakuja mara chache.

Mtoto wa Katuba: Na kuna kisanduku pembeni, benki ikishinda na 6 kinalipa mara 12.

Papa Kampemba: Hutokea kama mara 54 katika raundi 1,000. Ukiweka dola 1 kila raundi, utapata 648 na kupoteza 946.