Naomba ushauri: "lead", "tear", "wind" na "bass" kwenye skripti ya Kiingereza, nazisomaje?

Sauti_ya_Tabata

Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi ya kuingiza sauti kwenye video ya mafunzo ya mafundi wa sola. Mteja yuko nje, skripti ni ya Kiingereza, na video itaonyeshwa kwa mafundi wa Tanzania, Kenya na Uganda. Narekodi keshokutwa. Mistari inayonisumbua ni hii:

```
Disconnect the negative lead before you clean the lead terminals.
Check the cable for wear and tear.
Wind the tape over any tear in the insulation.
The radio has a built-in bass speaker.
Inspect the lead for damage.
```

Najua kuna "lead" ya "led" na ya "liid", lakini hapo juu zimekaa mbili kwenye sentensi moja. Ipi ni ipi? Na kuna kanuni ya kujua kabla hujafungua mdomo, au ni kukariri tu?

Kijana_Makini

Mkuu hiyo rahisi mno. Likiwa jina unatia mkazo mwanzoni, likiwa kitenzi unatia mkazo mwishoni. Mfano "record": ile rekodi yenyewe mkazo uko mbele, kitendo cha kurekodi mkazo uko nyuma. "Permit" vilevile. Fuata hiyo, hutapotea.

Bi_Mstaafu

Kijana_Makini, hiyo ni kweli kwa "record" na "permit", maana yana silabi mbili na mkazo una pa kuhamia. "Lead" lina silabi moja, mkazo utauhamishia wapi mwanangu? Kinachobadilika hapo ni irabu yenyewe.

Hata ukiilegeza kanuni yako useme jina lina sauti moja na kitenzi kina nyingine, bado itakuangusha. Tazama mistari ya mwenye uzi. "Wear and tear" ni jina. "Any tear in the insulation" ni jina pia. Yote mawili yanasomwa "tea", sawasawa na kitenzi cha kuchana. Kinachoamua ni neno limetoka ukoo gani. La kuchanika ni "tea", liwe jina au kitenzi. La machozi ni "tia". Kwenye skripti ya umeme machozi hayana kazi, kwa hiyo "tear" zako zote soma "tea".

"Lead" ni hivyo hivyo. Ukoo wa kuongoza ni "liid", na ndani yake umo waya unaopeleka umeme kutoka hapa hadi pale. Hata kamba ya kumwongozea mbwa imo humo. Madini ya risasi ni ukoo mwingine kabisa, nayo ni "led".

FundiBetri

Bibi kamaliza. Niongeze ninavyofanya mimi nikisoma karatasi za betri. Pale penye "lead" naweka "cable". Sentensi ikisimama, ni "liid". Ikikataa, naweka "copper". Ikisimama hapo, ni "led".

Mstari wako wa kwanza: "the negative cable" inakubali, "the negative copper" haina maana, kwa hiyo ya kwanza "liid". Ya pili, "the copper terminals" inakubali kabisa, maana inataja kitu ambacho vichwa vya betri vimetengenezwa nacho, basi "led". Kwa ufupi fundi anaambiwa afungue waya wa hasi ndipo asafishe vichwa vya risasi. Ukibadilisha sauti, anayesikiliza bila kusoma hataelewa asafishe nini.

Angalia na kistari. Ukikuta "lead-acid" au "lead-free" ni "led" moja kwa moja.

Halafu mimi waya wa betri uliochanika sifungi tepu, nabadilisha. Mwambie na mteja wako.

Naivasha_Boy

Sasa hapo kwa "bass" nyinyi mnasoma aje? Huku kwetu Naivasha ni samaki, aliletwa ziwani kutoka Amerika mwaka wa 1929, na watalii wanaokuja kuvua wanamwita "bas". Mimi ningesoma "bas".

Sauti_ya_Tabata

Hahaha, ndugu yangu, hii ni spika ya redio, siyo samaki.

Bi_Mstaafu

Naivasha_Boy hajakosea kuhusu samaki wake, kweli ni "bas". Ya muziki inasomwa "beis". Samaki alirithi jina la zamani la Kiingereza. La muziki lilikuwa neno lenye maana ya chini, likaongezewa "s" ya pili kwa kuiga "basso" ya Kiitaliano. Maandishi yakabadilika, matamshi yakabaki palepale. Wewe unayesema "besi" ya sabufa kila siku uko karibu nalo kuliko unavyodhani, refusha irabu kidogo tu.

Mama_Junior

Samahani naingilia. Mwanangu yuko kidato cha pili, aliandika "he lead the team yesterday", mwalimu akamkata. Mtoto anabisha kwamba "read" ya jana inaandikwa "read", kwa nini "lead" isiwe hivyo?

Bi_Mstaafu

Mama Junior, mtoto ana hoja ila mwalimu yuko sahihi. "Read" ya jana inaandikwa vilevile na kusomwa "red". "Lead" ya jana inaandikwa "led", na inasikika kama yale madini. Ndiyo maana hata magazeti ya Kiingereza yanateleza hapo.

Chanzo chake ni cha zamani. Waingereza walipozoea kuandika "ea", maneno mengi ya aina hii yalikuwa na irabu moja ndefu, karibu na "ee" yetu. Baadaye baadhi yalifupishwa, hasa mbele ya "d": "head", "bread", "dead", na madini ya "lead". Mengine irabu yake ilipanda hadi "ii", kama kuongoza na kusoma kwa leo. Sauti ziliachana, tahajia ilikuwa imeshaganda.

Upepo nao una yake. Zamani "wind" ya upepo ilitamkwa pia "waind", na washairi waliitia vina na "kind". Ndani ya karne ya 18 watu wakashikilia "wind" fupi. Kitenzi cha kuzungusha hakikubadilika, bado ni "waind".

FundiBetri

Ndiyo maana tunasema kuwaindi mota! Basi tepu yako ni "waind", maana unaizungusha. Na uchunge "wound": tepu iliyokwisha kuzungushwa ni "waund", kidonda ni "wuund". Skripti za usalama huwa zina vyote viwili.

Sauti_ya_Tabata

Nimepitia upya, "wound" ipo ukurasa wa nne, kwenye huduma ya kwanza. Nimeandika "wuund" juu yake kwa penseli, na kila "lead" nimeipa yake. Imebaki ya mwisho, "Inspect the lead for damage". Nikiweka "cable" inasimama. Nikiweka "copper" inasimama pia.

Bi_Mstaafu

Mstari uliotangulia unasemaje?

Sauti_ya_Tabata

Unasema "Open the cover". Baada yake, "Replace if necessary".

Bi_Mstaafu

Mimi ningesoma "liid". Ingekuwa risasi angetaja sahani au kichwa cha betri, na risasi peke yake haibadilishwi.

FundiBetri

Sina uhakika bibi. Ukifungua kifuniko cha betri za maji za zamani unakutana na viunganishi vya risasi juu ya seli, na huwa vinaliwa na asidi. Video inaonyesha betri gani?

Sauti_ya_Tabata

Picha sijapewa, nina maandishi matupu. Nimemwandikia mteja. Asipojibu hadi keshokutwa nitarekodi zote mbili, kila moja kwenye faili lake, achague mwenyewe.