Filta ya kilohezi 1 ndani ya chipu: rezista halisi au kapasita na swichi mbili?

mwanasaketi_mwaka4
Wakuu habari zenu. Projekti yangu ni kuchora filta inayopitisha frikwensi za chini na kukata kwenye kilohezi 1, yote iwe ndani ya chipu, hakuna kitu cha nje. Msimamizi kaniambia nilinganishe rezista ya kawaida ya polisilikoni na ile njia ya kapasita inayochezeshwa na swichi mbili. Ya kwanza naielewa, ya pili hesabu zinakubali ila akilini haikai, kapasita inageukaje rezista wakati yenyewe DC haipitishi? Nyie mngechukua ipi?

Kisimani
Anza na ukubwa maana watu wengi wanaamulia hapo. Kwenye chipu kapasita ya pikofaradi 10 tayari inakula nafasi. Ukiitumia hiyo kukata kilohezi 1, rezista inatoka 1/(2π × 1000 × 10 pF), karibu megaomu 16. Polisilikoni ya omu 200 kwa mraba inataka miraba kama elfu 80, ichore kwa upana wa mikroni 1 urefu unafika sentimita 8. Sentimita nane mkuu, kwenye chipu yenye upande wa milimita chache! Itabidi uikunje kunja kama utumbo, na njia nzima inabeba kapasitansi yake kwenda kwenye substreti.

Sasa swichi. Ya kwanza ikiunganisha, kapasita C1 inajaa mpaka volti ya upande wa kuingilia, inashika chaji C1 × V. Inaachia, ya pili inaunganisha, chaji yote inamwagwa kwenye mguu wa op-ampu ambao unakaa volti sifuri. Ukirudia mara f kila sekunde, chaji inayovuka kwa sekunde ni f × C1 × V, na chaji kwa sekunde si ndo mkondo wenyewe? Gawa volti kwa huo mkondo unapata R = 1/(f × C1). Kwa hiyo DC haipenyi kapasita, inabebwa mafungu mafungu. Kloki ikiwa kilohezi 100, megaomu 16 yako ni kapasita ya pikofaradi 0.63 tu.

fundi_taa_Tanga
Hii kitu mbona ya zamani jamani, kwenye balbu za LED za bei rahisi wanaweka kapasita badala ya rezista kushusha 230 za ukutani na haipati moto, mi nabadilisha hizo kila siku. Weka kapasita ya kutosha hapo kijana, swichi za nini?

Kisimani
Fundi hiyo ni nyingine. Kwenye balbu umeme wenyewe ndo unapanda na kushuka, kapasita inauzuia kiasi lakini mkondo unatangulia volti kwa robo ya mzunguko, na ukiipa DC haipitishi kitu. Huku kloki ndo inafanya kazi ya kubeba, ishara yenyewe inaweza kuwa DC kabisa na mkondo wa wastani ukapita kwa uwiano na volti, kama rezista inavyofanya.

fundi_taa_Tanga
Sawa mzee nimekupata, ila bado naona mnajisumbua 😀

Zuhra_analogi
Kisimani kasahau faida kubwa zaidi. Rezista ya chipu inaweza kuhama asilimia 20 kutoka kiwanda, kapasita nayo inahama kivyake, ukizidisha hizo mbili kilohezi 1 yako inaweza kuwa 0.7 au 1.4 na huna pa kushika. Kwenye ile ya swichi R inatoka kwa kapasita, kwa hiyo unabaki na f na uwiano wa kapasita mbili, 10 kwa 0.63, na kapasita mbili zilizokaa jirani zinahama pamoja, uwiano unakaa ndani ya sehemu ndogo ya asilimia ukizichora vizuri. Kloki ukiichukua kwa kristali basi umemaliza, na ukitaka kilohezi 2 unaongeza kloki mara mbili tu. Halafu kapasita haichomi nishati kwa hiyo hata noizi ya rezista umeikwepa.

Kisimani
Dada Zuhra uwiano uko sahihi kabisa, hiyo ndo sababu miaka ya 70 wale wa Berkeley waliishikilia hii njia, MOS ilikuwa inawapa swichi nzuri na kapasita nzuri ila rezista mbovu. Ila ya noizi sikubali. Swichi ikiwa imeunganisha ina omu zake na omu hizo zina noizi, ikiachia noizi inagandishwa kwenye kapasita. Kwa pikofaradi 0.63 ni kama mikrovolti 80, na ukipunguza omu za swichi haishuki, inategemea ukubwa wa kapasita tu. Nishati vilevile inachomwa ndani ya swichi, kiasi kilekile ambacho rezista ya megaomu 16 ingechoma.

Zuhra_analogi
Duh, kilekile kabisa? Nitaikalia hesabu usiku.

mzee_bredibodi
Mi nimeijaribu nje ya chipu na CD4066, kapasita nanofaradi 1, kloki kilohezi 100, kwa fomula inatakiwa kilomu 10, napata kama nane na nusu. Kapasita nimeipima iko sawa. Kloki ya pili naitoa kwa kupitisha ya kwanza kwenye inveta moja. Tatizo nini?

Kisimani
Nashuku hiyo inveta. Swichi moja inachelewa kuachia, nyingine inawahi kushika, kwa muda mfupi zote mbili zimeunganisha na mkondo unapita moja kwa moja bila kubebwa. Toa kapasita kabisa halafu pima tena, mkondo unatakiwa uwe karibu sifuri. Ukiukuta bado upo basi ni huo mpishano, weka pengo kidogo kati ya kloki mbili ziwe zimezima zote kabla ya ya pili kuwaka.

mzee_bredibodi
Nimetoa, mkondo umebaki, sio mwingi. Ila je si inaweza kuwa kapasitansi ya bredibodi yenyewe na miguu ya 4066?

Kisimani
Inaweza, na kwa kipimo hicho peke yake huwezi kuzitenganisha. Weka pengo kwanza tuone kinachobaki. Kijana mwenye projekti hapa nawe sikiliza, kwako hilo la pili ni baya zaidi. Waya na swichi zikikuongezea pikofaradi 0.1 tu juu ya ile 0.63, filta inahamia karibu kilohezi 1.16. Ndo maana kwenye chipu watu hutumia swichi nne, pande zote mbili za kapasita zinahamishwa na hiyo ya ziada haiingii kwenye hesabu.

mwanasaketi_mwaka4
Asanteni sana, naenda na swichi nne basi. Kuna kingine cha kuogopa?

Zuhra_analogi
Kloki yenyewe. Filta inachukua sampuli, kwa hiyo chochote kilicho karibu na kloki kinashuka chini na kujifanya ishara. Mimi nilikuwa na MF10, kloki kilohezi 100, nikaona mlio wa hezi 300 kwenye aotiputi ambao kwenye inputi haupo. Nikapandisha kloki mpaka 101, mlio ukaruka mpaka hezi 700. Ishara ya kweli haihami ukigusa kloki, kumbe ilikuwa pawa saplai inayochapa kwenye kilohezi 100.3. Niliweka rezista moja na kapasita moja mbele, inakata kilohezi 10, ikashuka mara kumi.

fundi_taa_Tanga
Kwa hiyo rezista imerudi palepale 😂

Zuhra_analogi
Imerudi ila hiyo hata ikihama asilimia 30 hainiumizi, haina kazi ya kuamua kilohezi 1.

mzee_bredibodi
Nimeweka pengo, imefika tisa na nusu. Hiyo nusu iliyobaki bado sijui inaenda wapi.