Nimepunguzwa kazi, mkopo wa mshahara umebaki miezi 28: naomba mnikagulie barua ya benki

Mtoto_wa_Makorora
Habari zenu wakuu. Niko Tanga mjini. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ya usafirishaji, miaka sita, mshahara wa msingi 780,000. Mwezi uliopita tumepunguzwa. Nina mkopo wa mshahara: milioni 12, miezi 48, riba asilimia 17 kwa mwaka, inapungua kadiri deni linavyopungua. Rejesho ni 346,000. Tawini wameniambia deni lililobaki ni 7,960,000. Rejesho la mwezi huu halijakatwa maana mshahara haukuingia.

Nimepata pa kujishikiza, duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani, naandika vitabu vyao kwa 350,000. Mama watoto anauza vitumbua asubuhi. Tunakaa nyumba ya familia, kodi hatulipi. Kiini cha barua yangu ni hiki:

"Naomba benki yako inisimamishie marejesho kwa miezi sita hadi hali yangu itakapotengemaa, ambapo nitaendelea kulipa kama kawaida."

Imekaa sawa?

Kifimbo_cheza
Mkuu unajisumbua. Ulipochukua mkopo ulikatwa bima. Bima italipa deni lote, wewe kaa kimya.

Bi_Mwanahawa
Pole mwanangu. Mimi yalinikuta kwenye mkopo wa kikundi, wenzangu walikuja kubeba friji mchana kweupe. Kama una kiwanja kiuze, ulale usingizi.

Mtoto_wa_Makorora
Ahsante bi mkubwa, shikamoo. Kiwanja sina, na huu si wa kikundi, ni wa benki.

Bi_Mwanahawa
Marahaba. Basi nilisoma haraka.

Karani_Mstaafu
Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi, ngoja nikwambie barua yako itasomwaje. Afisa ataona mtu anayeomba asilipe kitu miezi sita, halafu arudi kwenye 346,000 kwa mshahara ambao haupo. Ataiweka pembeni. Si roho mbaya, ila hana namba ya kupeleka kwenye kamati ya mikopo.

Tena ombi lenyewe linakuumiza. Riba ya deni lako kwa mwezi ni kama 113,000. Ukisimama miezi sita bila kulipa hata hiyo, inarundikwa juu ya deni na unaamkia karibu 8,660,000. Laki saba zimeongezeka nawe hujapumzika, umeahirisha tu.

Kuhusu bima, Kifimbo ana nusu ya ukweli. Bima nyingi za mikopo hulipa kwa kifo na ulemavu wa kudumu. Baadhi zina kipengele cha kupoteza kazi, mara nyingi kwa marejesho ya miezi michache, si deni zima, na aliyeacha kazi mwenyewe hahusiki. Omba nakala ya bima tawini kesho, maana madai yana muda wake. Lakini kukaa kimya usithubutu. Deni likivuka siku 90 bila kulipwa, benki inalihesabu mkopo chechefu, na taarifa hiyo inakwenda kwenye kanzidata ya wakopaji. Hapo hata meneja anayekupenda mikono yake imefungwa.

Sasa nipe mapato ya mwezi wenu mbaya kuliko yote, siyo mwezi mzuri.

Mtoto_wa_Makorora
Duka 350,000. Vitumbua mwezi mbaya (masika, watu hawatoki) faida ni kama 150,000. Jumla laki tano. Chakula 180,000, shule na nauli 60,000, umeme, maji na mkaa 45,000. Inabaki 215,000.

Karani_Mstaafu
Hiyo 215,000 ndiyo dari yako. Tuipimie.

Deni likipangwa upya kwa miezi 48, rejesho linakuwa kama 230,000. Halikai. Kwa miezi 60 ni kama 198,000. Linakaa, unabakiwa na elfu 17. Ubaya wake ni kwamba mpaka umalize utakuwa umelipa zaidi ya milioni mbili juu ya ulichobakiza kwenye mkataba wa sasa. Lijue kabla hujasaini.

Kiinua mgongo umelipwa?

Mtoto_wa_Makorora
Bado. Wamesema 1,260,000, siku saba kwa kila mwaka, pamoja na mshahara mmoja wa notisi. Itaingia akaunti ileile.

Karani_Mstaafu
Akaunti ileile ndiyo yenye mkopo, kwa hiyo soma mkataba wako. Mingi inairuhusu benki kukata malimbikizo pesa yoyote ikiingia, na mingine inataja mafao ya mwisho wa kazi kwa jina. Ndiyo maana barua itangulie pesa. Ukipunguza deni kwa milioni moja, linabaki 6,960,000, na kwa miezi 48 rejesho ni kama 201,000. Umeingia chini ya dari bila kwenda miaka mitano.

Dada_Chumbageni
Samahani mzee, hapo sikubaliani. Mtu hana kazi ya uhakika, ana watoto, halafu akiba yake ya mwisho aikabidhi benki? Duka likimwambia kwaheri mwezi wa nne atakula nini? Bora miezi 60 na milioni yake akae nayo.

Karani_Mstaafu
Dada yangu, hoja yako ina uzito. Mimi naogopa riba, wewe unaogopa njaa. Aamue na mkewe.

Barua sasa. Mwelekeze meneja wa tawi, na kwenye "Yah" uweke namba ya mkopo. Kiini kiwe hivi:

"Ajira yangu ilisitishwa kwa kupunguzwa kazi, barua ya mwajiri imeambatishwa. Rejesho la sh. 346,000 siliwezi tena. Mapato ya kaya yangu kwa sasa hayapungui sh. 500,000 kwa mwezi, na matumizi ya lazima ni sh. 285,000. Naomba: (1) kwa miezi mitatu ya kwanza nilipe riba pekee, takriban sh. 113,000, (2) baada ya hapo deni lipangwe upya kwa miezi 60, rejesho takriban sh. 198,000, (3) tarehe ya rejesho ihamie tarehe 5, kwa kuwa nalipwa mwisho wa mwezi, (4) faini ya rejesho lililopita isimamishwe ombi hili likishughulikiwa. Nikipata ajira nitaijulisha benki na kuongeza rejesho. Naomba jibu kwa maandishi pamoja na jedwali jipya la marejesho."

Ukichagua kutoa milioni, badili namba ya pili, na riba ya miezi mitatu inashuka hadi kama 99,000. Ambatisha barua fupi ya mwenye duka na taarifa ya miamala ya simu ya mama watoto. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Siku hiyohiyo weka 113,000 hata kabla hawajajibu.

Kifimbo_cheza
Na NSSF je? Kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara miezi sita. Hiyo ni kama 260,000, aiweke kwenye mpango.

Karani_Mstaafu
Hapo umenena. Kachangia zaidi ya miezi 18, na hakuacha mwenyewe. Ila akafungue madai akiwaeleza ukweli kuhusu hicho kibarua cha dukani, maana fao ni la asiye na ajira. Kwenye barua asiitaje kabisa. Ikija, ni ziada.

Mtoto_wa_Makorora
Nimenakili yote. Mwenye duka kakubali kuandika, ila kaniuliza kama benki itamfanya mdhamini.

Karani_Mstaafu
Hapana. Aandike kiasi anachokulipa na tangu lini, basi. Akiletewa fomu ya udhamini asisaini.

Dada_Chumbageni
Na wakikataa?

Karani_Mstaafu
Aombe sababu kwa maandishi, kisha aandike malalamiko rasmi kwa benki yenyewe. Wasipomridhisha, dawati la malalamiko la Benki Kuu lipo. Ila dawati halimlazimishi mtu kukupangia upya mkopo, linaangalia kama umetendewa haki. Mara nyingi tawi hurudi na pendekezo la katikati, tuseme miezi 54. Likija, lipime na ile 215,000 kabla ya kuitikia.